Soma Kabla ya Jumapili

3 Februari

Mdogo wangu Msumari,

Simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe, basi nimerudi kwenye kalamu. Barua angalau haikatwi katikati.

Huku tunaendelea. Shemeji yako mgongo umemkamata tena, anatembea kama anatafuta sindano sakafuni, na hataki kuambiwa apumzike. Kitinda anatembea vizuri sasa. Jana nilimkuta chini ya cherehani na kifungo mdomoni, nikamtoa kwa kidole, akanicheka. Wakubwa wako shule. Mimi nashona sare, kola na mifuko, kola na mifuko, mpaka nikifumba macho naona kola.

Tangu Mzee atutoke mwezi wa sita sijakuandikia, nawe hukuandika. Mazishini hukuja, ukasema kiwanda kimekunyima ruhusa. Sikuulizi.

Ninalokuandikia ni la kwaya. Tarehe ishirini Julai inatimiza miaka thelathini, na wameamua tuimbe wimbo alioutunga Mzee enzi akituongoza, ule wa mlango. Unajua tangu Jumapili ile ulipokatika katikati haujaimbwa. Sasa tulipokuwa tunahamisha kinanda ili wapake ukumbi rangi, nilifungua kiti chako cha kinanda, kile chenye kifuniko, nikakuta karatasi ya Mzee, mwandiko wake mwenyewe. Kumbe alibadilisha mwisho. Pale tulipokuwa tukiimba "karibu nyumbani, njoo," amefuta. Sasa iko hivi:

Mlango u wazi, jioni yafika,
rudi kwetu leo, njoo.

Juu ameandika kama zamani, mapigo matatu kila kipimo. Nimehesabu silabi za vile vipimo viwili vya mwisho kabla ya "njoo": ru, di, kwe, tu, le, o. Sita. Tatu na tatu, kila moja na pigo lake. Hazikupungua wala kuzidi. Lakini tukifika hapo tunavunjika. Besi wanakwenda kwao, soprano kwao, na mimi mbele nabaki nachota hewa kwa mkono.

Mwenyekiti, Kinyozi wetu, anasema hilo ni zao la akili iliyokuwa imeshachoka, na mgonjwa haachiwi akaandika sheria. Anataka turudishe mwisho wa zamani. Anasema kwa upole, lakini anasema mbele ya watu wote.

Wewe ndiye uliyepiga kinanda chake miaka kumi na miwili, na wewe ndiye uliyekuwepo Jumapili ile. Mimi nilikuwa ukweni na Kitinda wa siku tisa. Niambie tu: hapo Mzee alikosea?

Dada yako.


27 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako ilikaa ofisini kwa mlinzi wiki tatu, halafu ikakaa kwangu. Usinikasirikie.

Mpe shemeji pole ya mgongo. Hapa kuna mafuta wanayouza dukani kwa kuchulia, nitatuma chupa. Kitinda sijamwona, namfikiria kama alivyokuwa kwenye ile picha, amefungwa kama mkate.

Mimi niko salama. Tunalala wanane chumba kimoja, kila mtu na kabati lake la chuma. Kazi yangu ni kupanga sabuni. Zinakuja kwenye mkanda, mbichi bado, zina joto kidogo. Boksi moja sabuni sita, safu mbili za tatu tatu. Unaweka tatu, unaweka tatu, unafunga, unasukuma. Nikitoka mikono inanukia vizuri kuliko mtu mwingine yeyote mjini. Mchana tunakula kwenye benchi refu, kila mtu anatazama sahani yake. Siumwi, sifurahi, sihuzuniki. Naamka, napanga.

Kinanda sijagusa. Wapo wenye redio hapa chumbani, nikizidiwa naenda kukaa ngazini.

Kuhusu wimbo, Kinyozi ana haki. Tumieni mwisho wa zamani, watu wanaujua. Miaka thelathini si siku ya kujifunza jambo jipya.

Nisalimie wote.

Msumari.


14 Aprili

Mdogo wangu,

Mafuta yamefika, shemeji yako anajipaka mpaka paka wanamkimbia. Asante. Mkubwa amekuwa wa tatu darasani. Mvua imeingia kwenye chumba cha kushonea, nimehamisha vitambaa juu ya kitanda, kwa hiyo usiku tunalala na sare za watoto wa watu.

Nilikuuliza swali moja, ukanijibu lingine. Nilikuuliza kama Mzee alikosea. Wewe umenijibu Kinyozi ana haki. Mimi sikumwandikia Kinyozi.

Basi nimejitafutia mwenyewe. Unajua cherehani yangu ya kukanyaga, inavyokwenda. Nilikuwa nashona mfuko huku nikiimba ule wimbo kimoyomoyo, mguu unahesabu. "Mlango u wazi, jioni yafika." Sikia mkazo unapoangukia: mLAngo u WAzi jiOni yaFIka. Kila baada ya silabi tatu, mkazo. La, wa, o, fi. Hapo Mzee alikata nguo kufuata mwili, mapigo matatu na maneno vinakaa pamoja bila mkunjo. Hata ule mwisho wa zamani, kaRIbu nyuMBAni, vilevile.

Halafu nikaingia kwenye "rudi kwetu leo" na mguu ukaendelea na tatu zake. Ikanitoka hivi: RUdikwe, TUleo. Nikasimamisha cherehani. Hakuna mtu aliyelelewa na lugha hii anayesema "kweTU." Anasema RUdi, KWEtu, LEo. Maneno matatu ya silabi mbili mbili. Mzee aliyekuwa akiturudisha mwanzo wa wimbo mzima kwa sababu mtu mmoja kakosea mkazo, huyo huyo aweke uzito juu ya "tu"? Akili ikichoka huacha mambo yakaenda ovyo. Haiendi kuchagua maneno matatu yaliyolingana hivyo.

Lakini nikiimba mbili mbili, vipimo vyake vinasema tatu tatu, na tena navunjika. Nimefika ukutani, sijui mlango uko wapi.

Na jambo jingine, ambalo sikuliandika mara ya kwanza. Karatasi ile ilikuwa imekunjwa mara nne, chini ya kile kitambaa chako cha kufutia vumbi. Mikunjo yake ilikuwa mikali, kama haijawahi kufunguliwa. Kwa nje ameandika: Msumari, soma kabla ya Jumapili.

Uliisoma?

Dada.


2 Juni

Dada, shikamoo.

Nimekawia. Hongera kwa mkubwa, mwambie namba tatu ni namba nzuri. Poleni na mvua. Hapa kumekuwa na joto, sabuni zinakuja laini, ukibana moja kidogo inabaki na alama ya kidole chako na inarudishwa.

Sikuisoma.

Sasa nikueleze hiyo sehemu, kwa sababu nimeielewa.

Wiki mbili zilizopita msimamizi alitugeuzia meza ili mkanda upite upande mwingine. Maboksi ni yale yale, sabuni sita zile zile. Lakini mimi sasa nimesimama ubavuni mwa boksi. Nilipoangalia ndani sikuona tena safu mbili za tatu. Niliona safu tatu za mbili. Hakuna sabuni iliyohama. Nilisimama mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Ndivyo alivyofanya Mzee. Vipimo viwili vya mapigo matatu vina mapigo sita. Sikio limezoea kuyafunga tatu tatu: MOJA mbili tatu, MOJA mbili tatu. Uzito unaanguka kwenye la kwanza na la nne. Yeye kwa hivyo vipimo viwili tu akahamisha uzito: MOJA mbili, MOJA mbili, MOJA mbili. Sasa unaanguka kwenye la kwanza, la tatu na la tano. Mwendo haubadiliki hata kidogo. Huongezi kasi, hupunguzi, pigo linabaki na urefu ule ule. Kinachobadilika ni mahali unapoegemea. Ule mstari kati ya kipimo na kipimo unabaki kwenye karatasi, lakini sauti inaupita juu, kwa sababu neno la katikati, KWEtu, linaanza kwenye pigo la mwisho la kipimo cha kwanza na kumalizikia kwenye pigo la kwanza la kipimo cha pili. Hapo ndipo mnapovunjikia. Nusu yenu wanasubiri mstari, nusu wanafuata neno.

Ina jina. Hemiola. Mzee alikuwa na kile kitabu chake kisicho na jalada, alinionyesha nikiwa na miaka kumi na tano. Alisema watunzi wanaiweka karibu na mwisho wa mstari kwa sababu msikilizaji anasikia kama wimbo umepanuka, kama vipimo viwili vidogo vimekuwa kimoja kikubwa cha hatua tatu ndefu, halafu unatua. Mtu haambiwi kwamba tunafika, mwili wake unajua. Na lazima viwe vichache. Ukiendelea na mbili mbili muda mrefu, sikio linazoea na hakuna kitu tena. Inafanya kazi kwa sababu tatu bado ziko masikioni.

Angalia besi kwenye karatasi. Kama ni Mzee ninayemjua, sauti ya chini inabadilika kila baada ya mapigo mawili: fa kwa "rudi," so kwa "kwetu," so ya chini yake kwa "leo," kisha do kwa "njoo." Kama ni hivyo, ujue hakukosea. Mtu aliyepotea hapangi besi.

Namna ya kuwafundisha: wasianze na kuimba. Wapige makofi sita sawasawa, mfululizo, bila uzito wowote. Nusu yao wakanyage mguu kwenye la kwanza na la nne. Waache wazoee. Kisha wote waache kukanyaga, makofi yaendelee, na nusu ya pili wakanyage la kwanza, la tatu, la tano. Makofi yasibadilike kabisa. Wakishaweza kuhama kutoka huku kwenda kule bila makofi kuyumba, wape maneno. Kisha mkono wako: tatu za kawaida ni chini, nje, juu, kila pigo na mahali pake. Ukifika "rudi" uupanue. Chini kwa RUdi, nje kwa KWEtu, juu kwa LEo. Kila hatua mapigo mawili. Kwa "njoo" unashuka na kurudi kawaida.

Mengine usiniulize.

Msumari.


20 Juni

Mdogo wangu,

Kitinda amepata magego mawili ya juu kwa mpigo, ananiuma begani nikimbeba. Shemeji yako ameanza kazi nusu siku. Mwaka wa Mzee umepita wiki iliyopita. Nilifagia kaburi, nikakaa, nikarudi kushona.

Besi iko kama ulivyosema. Fa, so, so ya chini, do.

Nilipeleka boksi la viatu ukumbini na vibunda sita vya uzi, nikawapangia safu mbili za tatu, nikaligeuza boksi mbele yao. Kinyozi akasema yeye hata akimgeuza mteja kwenye kiti, kichwa ni kile kile ila kipara kinaonekana. Wakacheka, na nadhani ndipo alipoelewa, maana ndiye aliyekuwa wa kwanza kukanyaga vizuri. Makofi yalituchukua mazoezi manne. Alhamisi tuliimba. Ilipofika "rudi kwetu leo" sikusikia kosa. Nilisikia chumba kimekuwa kikubwa. Mama mmoja wa sauti ya pili aliomba maji baada ya hapo.

Ningepaswa kufurahi. Sikuhisi kitu, nilikunja karatasi tu nikaenda nyumbani, kwa sababu njiani nilikumbuka jambo, nami nakuandikia hilo kabla sijalificha.

Ile miezi minne ya mwisho Mzee alikuwa hasemi. Lakini kidole chake cha shahada kilikuwa kinagonga shuka. Kutwa. Daktari alisema ni mtetemo, ni neva. Nilikuwa nakitazama nikimlisha. Pigo zito, jepesi, jepesi. Zito, jepesi, jepesi. Muda mrefu hivyo. Kisha zito, jepesi, zito, jepesi, zito, jepesi, na kidole kinalala. Halafu upya. Nilidhani mtetemo wenyewe hauna mpango, ndiyo maana unabadilika.

Mimi nilikuwa namshika mkono atulie. Naushika kwa mikono yangu miwili mpaka unaacha. Nilifikiri namsaidia. Alikuwa ananitazama, kisha anatazama ukuta.

Kwa hiyo sasa nakuuliza, na safari hii huwezi kukaa ngazini. Nilipotoka ukweni ukaniambia kwa simu: Mzee amechoka, hajui tena anahesabu nini, alipoteza mwendo mbele ya ukumbi mzima, mpumzishe. Nilikuamini. Nilipomuuliza yeye alisema neno moja tu, "Muulizeni Msumari," nami nikakupigia tena kukuuliza, ukarudia lile lile. Nikachukua kwaya. Nikamfungia karatasi zake kabatini ili asijichoshe. Ufunguo niliuweka kwenye kopo la vifungo.

Jumapili ile mkono wake ulikwendaje?

Dada.


9 Julai

Dada,

Shikamoo. Sina habari za kutanguliza.

Alhamisi ile kabla sikwenda mazoezini. Nilikuwa nimekwenda kusaini mkataba wa huku, na hakuna aliyejua. Kumbe Alhamisi hiyo ndiyo aliyowapa mwisho mpya. Jumamosi asubuhi alinikuta ukumbini nafuta kinanda, akanipa karatasi imekunjwa. Nilisema ndiyo Mzee. Nikaitia kwenye kiti. Nilikuwa nafikiria namna ya kumwambia kwamba naondoka.

Jumapili mkono wake ulikwenda chini, nje, juu, kila kipimo, safi kama siku zote. Mimi mkono wa kushoto pigo la kwanza, wa kulia la pili na la tatu. Tulipotoka kwenye "yafika" mkono wake ukapanuka. Chini, ukakaa. Nje, ukakaa. Juu, ukakaa. Ndivyo nilivyokueleza wewe ufanye, neno kwa neno. Niliuona vizuri kuliko mtu yeyote, nilikuwa hatua tatu kutoka kwake.

Mtu asiyejua akiuona anaona mkono umepunguza mwendo nusu. Niliona hivyo. Nikasema moyoni Mzee amepotea, nimwokoe. Nikapiga tatu kwa nguvu, kwa mikono yote miwili. Wachache waliokuwa wameelewa Alhamisi waliimba mbili mbili na yeye. Wengine wakanisikia mimi, wakaniamini, kwa sababu yeye mwenyewe kwa miaka kumi na miwili aliwaambia msumari ukishapigwa hauhami, mkipotea msikilizeni Msumari. Ikawa vurugu. Akanigeukia. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayesubiri. Mimi nikazidisha. Basi akashusha mkono, wimbo ukafa hapo kabla ya "njoo."

Watu walipoanza kunong'ona kwamba mzee amechoka, sikuwanyamazisha. Nikasema na mimi. Ilinifaa. Kama Mzee amechoka, kwaya inapumzika, na mpiga kinanda anaweza kuondoka bila kuaga sana.

Nilikuandikia kwamba meza ya kiwandani ndiyo iliyonionyesha. Si kweli. Meza ilinipa tu namna ya kukueleza. Nilijua siku ya tatu, ndani ya basi la kuja huku. Nilikuwa nimesikia zile sauti chache zikiimba "rudi kwetu leo," maneno hayo yalinikaa, na nje ya dirisha nguzo zilikuwa zinapita, nikaanza kuyahesabu. RUdi, KWEtu, LEo. Nikaona mkono wake. Nilikuwa na njia nzima ya kushuka nikarudi. Sikushuka. Mwezi wa kwanza nikasema nitaandika. Mwezi wa pili nikasikia umemwachisha kwaya, nikaona maji yameshamwagika. Ulipotuma habari ya msiba, ruhusa walinipa. Siku tatu, kwa maandishi. Nilikaa siku tatu hizo kwenye kitanda changu.

Alifikiri nimeisoma. Hilo ndilo linalonikalia. Alinipa mkononi, nikasema ndiyo Mzee. Kwa hiyo alikufa akiamini kwamba nilijua, na nikampinga mbele ya watu.

Sikuombi kitu. Waambie kwaya, au usiwaambie.

Msumari.


25 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika siku nne kabla ya sherehe. Niliisoma nimesimama, nikaiweka kwenye kopo la vifungo, nikamalizia kola kumi na sita zilizobaki. Nilikuwa nangoja nilie au nikutukane. Hakikuja hata kimoja. Usiku nilimwosha Kitinda, nikampaka mafuta, nikalala.

Nawe usijitwishe mzigo wote, maana na mimi nina mikono miwili na najua ilishika nini.

Ukumbi ulijaa. Kinanda tulikiacha kimefungwa, hatujapata mtu mwingine wa kukipiga na sikutafuta. Kabla ya wimbo wa mwisho nikawageukia watu. Sikuwa nimepanga. Nikasema: "Mara ya mwisho wimbo huu ulipoimbwa hapa, tulisema Mzee amepoteza hesabu. Hakupoteza. Sisi tulikuwa hatujui kuhesabu." Jina lako sikulitaja. Kinyozi, aliyekuwa safu ya besi, akavua kofia yake akaishika mkononi, na aliimba wimbo mzima ameishika.

Tulipotoka kwenye "yafika" mkono wangu ulipanuka. Chini, nje, juu. Hawakuyumba. Na kwa mara ya kwanza mbele ya watu, mwisho ule mpya ulifika kwenye "njoo."

Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama mkono wangu, bado uko hewani, nisijue niushushe vipi.

Karatasi ya Mzee naiweka kwenye bahasha hii. Nilikunakilia mistari ya wimbo tu. Chini yake kuna maneno mengine ameandika kwa penseli, ni yako. Niliyasoma siku ile ya kwanza, hesabu yake sikuielewa, ndiyo sababu nilikuandikia wewe na si mwingine. Sikukwambia, kwa sababu nilitaka kwanza nisikie utasema nini bila kuyajua. Nimeikunja mara nne, kwenye mikunjo ile ile.

Shemeji yako anakusalimia. Kitinda anasema neno moja, "apana," analisema kwa kila kitu.

Dada yako.


12 Agosti

Dada, shikamoo.

Nashukuru kusikia wote hamjambo. Mwambie Kitinda neno hilo alitunze, litamfaa.

Bahasha ilifika Ijumaa. Ameandika hivi: "Nitakapopanua mkono watababaika, Alhamisi wengi hawakunielewa. Wewe piga mbili mbili kwa besi, watakufuata wewe. Usinitazame mimi, mkono wangu siku hizi unatetemeka kidogo. Mimi ndiye nitakayekusikiliza wewe."

Hakuna zaidi. Nimeuliza ofisini, siku zangu tatu za ruhusa bado ziko kwenye faili, hazikuhesabiwa kwa sababu sikutoka nje ya geti. Nitazichukua mwisho wa mwezi. Kile kitambaa cha kufutia vumbi usikifue.

Nimeisoma Jumamosi.

Msumari.